Jiwe juu ya tundu la bafu: kisa cha kujitoa kwenye ofa ya nyumba kwa heshima

Kazi yangu ni kukagua nyumba kabla hazijanunuliwa. Mara nyingi ripoti yangu inaishia kwenye kupunguziana bei, pande zote zinanung'unika kidogo, na mauzo yanaendelea. Kisa hiki hakikwenda hivyo. Mteja wangu alijitoa kabisa, muuzaji akaumia, na bado wakaachana wakiitana kwa heshima. Nimeomba ruhusa ya mteja kukiandika, na majina yote nimeyaacha.

Mteja ni dada mmoja na mume wake. Muuzaji ni mzee aliyeijenga nyumba hiyo kwa mikono yake na kulea watoto humo. Ofa ilikuwa imeandikwa na kukubaliwa, arbuni iko kwa wakili, na barua ya ofa ilikuwa na sharti moja lililokuja kuokoa kila kitu: mnunuzi ana siku 21 za kukagua jengo na kuhakiki hati, na asiporidhika anaweza kujitoa kwa maandishi na kurudishiwa arbuni yake. Mimi niliitwa siku ya 5.

Nyumba kwa macho ni nzuri. Kuta zimenyooka, paa halivuji, mbao za madirisha ni ngumu na zimetunzwa. Nilizunguka nusu saa bila kuandika kitu cha maana. Kisha nikaingia bafu la nyuma, lile dogo la chini karibu na stoo, nikaona jiwe. Ni jiwe bapa, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kubanwa kwa raba, limewekwa juu ya tundu la kutolea maji sakafuni.

"Hilo la kuzuia mende, mwanangu," mzee akasema kabla sijauliza.

Huenda. Lakini mende hazuiliwi na jiwe la kilo tano, wavu mdogo unamtosha. Jiwe zito unaliweka pale unapozuia kitu kinachosukuma kutoka chini. Nilipiga magoti nikaangalia viungo vya vigae. Kuzunguka tundu, saruji ya viungo ilikuwa nyeupe na mpya, na umbali wa mikono miwili kutoka hapo ilikuwa ya kijivu na kuukuu. Ukutani rangi mpya ilikuwa imepakwa hadi usawa wa goti tu, mstari wake umenyooka kabisa. Mtu hapaki rangi hadi gotini kwa urembo.

Sikusema kitu siku hiyo. Nilimwomba mzee aniruhusu nirudi mvua ikinyesha, akakubali bila kinyongo. Nataja hili kwa sababu baadaye dada alijiuliza kama mzee alikuwa akificha. Mtu anayeficha hakuruhusu urudi siku ya mvua.

Siku ya 8 mvua ilinyesha, nikaenda na fundi wangu wa mabomba. Tulifungua chemba iliyo karibu na bafu, tukamwaga ndoo mbili za maji yenye rangi kwenye sinki la jikoni. Maji ya rangi yalifika chembani na kusimama. Hayakuondoka. Kiasi cha dakika moja baadaye yalianza kusogea polepole kama mtu aliyeamshwa, na huku juu yake maji masafi yakizidi kuingia kutoka bomba jingine ambalo hatukulitarajia. Tulilifuata bomba hilo kwa nyuma, likatupeleka ukutani, na kutoka ukutani juu kabisa hadi kwenye gata. Maji ya paa la nyuma yalikuwa yameunganishwa kwenye mfumo wa maji taka.

Kosa hili lipo kwenye nyumba nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Karo la maji taka linalofanya kazi huwa limejaa muda wote. Watu hudhani karo likijaa limeharibika, lakini ndivyo lilivyoundwa: uchafu mzito unakaa chini, mafuta na povu vinaelea juu, na maji ya katikati yanatoka kwenda kwenye shimo la kunywea, ambako ardhi inayanyonya. Kinachoingia lita moja kinasukuma lita moja itoke. Familia ya watu watano, kila mtu akitumia kama lita 120 kwa siku, inasukuma lita 600 kwa siku nzima, na shimo lina saa 24 za kuyameza.

Sasa weka paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hesabu haina ugumu zaidi ya huo. Upande wa nyuma wa paa lile ni mita za mraba 80. Mvua ya milimita 25 ikinyesha kwa saa moja, lita 2,000 zinaingia kwenye karo ndani ya saa hiyohiyo, yaani zaidi ya maji ya siku tatu. Shimo la kunywea halina uwezo huo, hasa wakati ardhi yenyewe imeshalowa. Maji yanarudi nyuma kwenye bomba na kutafuta mlango wa chini kuliko yote. Mlango huo ni tundu la bafu la nyuma. Ndipo jiwe likapata kazi.

Hilo lilikuwa tatizo la kwanza, na kusema kweli ni la kurekebishika. Unakata kiungo cha gata, unayaelekeza maji ya paa kwingine, kazi ya siku chache. Dada aliponiuliza jioni ile kama akimbie, nilimjibu hapana, bado.

Lakini fundi wangu alikuwa hajaridhika na ule usingizi wa maji chembani. Mvua ilipokata tulipima levo kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, kifaa cha bei ndogo kisichodanganya: maji ya ncha mbili za mpira yanasimama usawa mmoja, basi unapima tofauti kutoka hapo. Kutoka chemba ya bafu hadi mdomo wa karo kuna mita 18. Bomba la milimita 100 la maji taka linahitaji kushuka sentimita moja kwa kila sentimita 40 hadi 60 za urefu. Kwa mita 18 hiyo ni sentimita 30 kwa uchache, na 45 ukitaka usingizi mzuri. Sisi tulipata sentimita 9. Ni moja kwa mia mbili. Kwenye mteremko kama huo maji yanatembea lakini uchafu yanaoubeba hautembei. Unaachwa njiani, unaganda, na kila baada ya miezi kadhaa mtu anaitwa na waya wa kuzibua.

Kwa nini mzee hakulishusha bomba zaidi? Kwa sababu hakuwa na pa kulishushia. Mdomo wa karo uko pale ulipo, sakafu ya nyumba iko pale ilipo, na kati yao kuna sentimita 9 basi. Dawa ni kuhamishia karo mahali pa chini zaidi. Nilitazama kiwanja, nikaona sehemu ya chini ni moja tu, ule ukanda wa nyuma wenye majani mabichi kupita kawaida. Majani mabichi wakati pengine pote pamekauka ni dalili ya kutazama. Nilimwonyesha mzee.

"Shimo la kunywea liko hapo," akasema. "Na hapo ni kwa jirani, lakini hana neno. Tumeishi kama ndugu."

Hapo ndipo kisa kilipogeuka. Shimo la kunywea la nyumba inayouzwa halikuwa ndani ya nyumba inayouzwa.

Nilimshauri dada amlipe mpima ardhi. Siku ya 11 mpima alitafuta mawe ya mipaka, akayapata matatu kati ya manne, akalinganisha na ramani ya upimaji. Shimo lilikuwa mita moja na nusu ndani ya kiwanja cha jirani. Kwenye ramani hiyohiyo kikaonekana kitu kingine ambacho hakuna aliyekuwa amekitafuta. Kiwanja kinagusa barabara kwa kichochoro cha mita 1.9 tu. Ile njia pana ya changarawe ambayo sote tuliingilia na magari, ambayo dalali aliisifu siku ya kwanza, inapita katikati ya uwanja wa jirani kwa mita 26.

Watu huandika mifereji na njia kama mambo mawili tofauti. Katika nyumba hii vilikuwa kitu kimoja. Karo linahitaji kunyonywa kila baada ya miaka michache. Gari la maji taka lina upana wa kama mita 2.5, kwenye kichochoro cha mita 1.9 haliingii. Kwa hiyo ili kutoa uchafu unahitaji njia ya jirani, ili maji yanywewe unahitaji ardhi ya jirani, na ili urekebishe mteremko unahitaji ardhi hiyohiyo tena. Mtu mmoja akisema hapana, au akifa, au akiuza, nyumba inabaki na choo kisichofanya kazi na gari lisilofika mlangoni.

Siku ya 12 wakili alitafuta kwenye hati zote mbili, ya mzee na ya jirani. Hakuna haki ya njia iliyoandikishwa, wala haki ya kupitisha bomba. Dada akauliza swali ambalo kila mtu huuliza: mzee amepita pale miaka zaidi ya 20, je, si imekuwa haki yake?

Jibu la wakili lilinifundisha hata mimi. Sheria za nchi nyingi zinakubali kwamba matumizi ya muda mrefu yanaweza kuzaa haki, ingawa idadi ya miaka inatofautiana. Lakini nyingi kati ya hizo zinafuata wazo la zamani la Warumi: lazima uwe umetumia bila nguvu, bila kificho, na bila kuomba ruhusa. Hilo la tatu ndilo linawanasa watu waungwana. Mzee alikuwa na desturi ya kumpigia hodi jirani kila alipotaka kuita gari la maji taka, na kumwomba apitishe. Kila alipoomba, alikuwa akithibitisha kwamba njia si yake. Angekuwa mkorofi anayepita bila kusema, pengine leo angekuwa na hoja. Adabu yake ilimnyima haki. Na ruhusa ya namna hiyo ni ya mtu kwa mtu, haihami na nyumba. Mnunuzi anaanza upya, na kwa kubisha hodi.

Wengi wangeondoka hapo. Dada hakuondoka, na nadhani ndiyo sababu baadaye kuaga kwake kulipokelewa vizuri. Kupitia kwa wakili aliuliza jambo moja: je, jirani anaweza kukubali kuandikisha haki ya njia na ya shimo kwenye hati yake, kwa malipo, kabla siku 21 hazijaisha? Mzee mwenyewe alikwenda kuuliza siku ya 15. Alirudi amefurahi. Jirani amesema, "Mimi nikiwepo, hakuna shida."

Mzee aliisikia sentensi hiyo kama ndiyo. Wakili aliisikia kama hapana. Kila mtu alimsikia jirani kwa nafasi aliyokuwa nayo. Dada alimpigia jirani kwa ruhusa ya mzee, akamuuliza waziwazi kama angesaini. Jirani, kwa upole tu, akasema kiwanja kile ni cha watoto wake pia na wanafikiria kukigawa, hivyo kusaini hawezi. Sikuona ubaya wake. Ningekuwa mimi nisingesaini.

Sasa lililobaki ni kujitoa, na siku sita zilikuwa zimesalia. Dada aliniletea rasimu ya barua aliyoandika usiku. Ilikuwa kurasa mbili. Ninaikumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa na kila kosa ambalo mtu mwema hulifanya, na nadhani inafaa kuzitazama sentensi zake chache.

Ilianza hivi: "Kwa masikitiko makubwa sana, na baada ya kulia na kusali, kwa sasa tumelazimika kusitisha kwanza ofa yetu." Ukiondoa machozi, kuna maneno mawili ya hatari hapo. "Kwa sasa" na "kwanza" vinamwambia muuzaji asubiri. Mzee angekaa na nyumba akiwakataa wateja wengine, akidhani dada atarudi mambo yakitulia. Na neno "kusitisha" ni la kusimama kidogo, si la kuondoka. Kisheria pia lina utata: siku 21 zikipita huku barua yako inasema umesitisha tu, mtu anaweza kudai hukujitoa ndani ya muda, na arbuni ikaingia kwenye mabishano. Tuliweka "tunaondoa ofa yetu". Linasikika kali ukilisoma peke yako usiku, lakini kwa anayeipokea lina huruma zaidi, kwa sababu linamwacha huru kesho yake asubuhi.

Katikati kulikuwa na hii: "Tumesikitishwa kugundua kwamba jambo la bafu lilijulikana na halikusemwa." Pengine ni kweli. Jiwe linasema hivyo. Lakini dada hakuhitaji kuithibitisha. Sharti la ofa lilimpa haki ya kujitoa kwa kutoridhika na ukaguzi, halikumtaka athibitishe udanganyifu wa mtu. Ukileta shutuma usiyoihitaji, unamlazimisha mwenzako ajitetee, na anayejitetea haharakishi kurudisha pesa. Hiyo sentensi tuliifuta yote. Kama sharti lisingekuwepo na mkataba ungekuwa tayari unambana, hesabu ingekuwa nyingine, na barua angeiandika wakili.

Mwishoni aliorodhesha mambo kumi na moja, hadi kitasa cha dirisha la sebule. Mambo kumi na moja ni mialiko kumi na moja ya kujibiwa. Mzee angetengeneza kitasa, angepaka rangi, angempigia kila siku kumwambia lipi limekwisha. Sababu zinazotakiwa kwenye barua ni zile ambazo zingebaki hata nyingine zote zikitengenezwa. Zilikuwa mbili.

Nilimwomba dada apige simu kabla ya kutuma barua. Barua inayomfikia mtu mzima bila kutanguliwa na sauti ni kama mlango uliobamizwa. Alipiga siku ya 17, nikiwa nimekaa naye mezani. Alimwamkia, akamuuliza hali, kisha akasema mapema, kabla mazungumzo hayajazoeana: "Mzee, nimepiga kukuambia kwamba hatutainunua nyumba. Nimeona uisikie kwangu kabla barua haijafika."

Palikuwa kimya. Alitaka kukijaza kile kimya, nilimwona midomo inasogea. Nikamwonyesha kwa mkono asubiri.

"Kwa sababu ya lile shimo," mzee akasema hatimaye.

"Shimo na njia, Mzee. Vyote viko kwa jirani na havijaandikwa."

"Nikupunguzie. Sema mwenyewe nipunguze kiasi gani."

Hapa ndipo wengi huanguka. Bei ikishuka, moyo unarudi. Na ingekuwa ni mteremko wa bomba tu, punguzo lingekuwa jibu sahihi kabisa: unapiga hesabu ya karo jipya, unaikata kwenye bei, mnasaini. Lakini punguzo linalipa kitu ambacho pesa inaweza kukinunua kwa yule unayeongea naye. Sahihi ya jirani haikuwa ya mzee kuiuza. Dada alilijua hilo na akalisema bila kulizungusha: "Ungekuwa mfereji peke yake, Mzee, tungekaa tukaelewana bei. Lakini njia si yako wala si yangu, na hata ukinipunguzia nusu, bado nitakuwa naomba kupita."

"Basi," mzee akasema. Kisha, baada ya kidogo, "Umefanya vizuri kupiga, mwanangu."

Simu haikuzidi dakika nne. Barua ilikwenda mchana huohuo, nakala moja kwa mkono ikasainiwa kupokelewa, nyingine kwa barua pepe kwa mawakili wa pande zote. Dalali aliambiwa ndani ya saa ileile, kwa ujumbe mfupi, ili asiisikie mitaani. Hivi ndivyo ilivyosomeka:

*Mzee, shikamoo.*

*Kama tulivyozungumza leo kwa simu, tunaondoa ofa yetu ya kununua nyumba yako. Tunafanya hivyo chini ya sharti la ukaguzi na uhakiki wa hati lililomo kwenye barua ya ofa, na ndani ya siku 21 zilizowekwa.*

*Sababu zetu ni mbili. Ya kwanza, njia ya gari na shimo la kunywea maji taka vipo nje ya mipaka ya kiwanja kwa mujibu wa ramani ya upimaji, na hakuna haki iliyoandikishwa ya kuvitumia. Ya pili, bomba kuu la maji taka halina mteremko wa kutosha, na marekebisho yake yanategemea ardhi hiyohiyo.*

*Uamuzi huu ni wa mwisho, hivyo uko huru kuendelea na wanunuzi wengine kuanzia leo. Tunaomba wakili anayeshikilia arbuni aturudishie kwenye akaunti ilikotoka. Ukipenda kupata nakala ya ripoti ya ukaguzi, tuambie, tutakupatia bila malipo.*

*Tunakushukuru kwa kutufungulia nyumba kila tulipoomba, hata siku ya mvua.*

Sentensi ya ripoti ilijadiliwa na wakili zaidi ya nyingine zote. Dada alitaka kuiambatanisha moja kwa moja, kama zawadi. Wakili akamzuia. Mahali pengi muuzaji anawajibika kumweleza mnunuzi kasoro kubwa anazozijua, na ukishamkabidhi ripoti hawezi tena kusema hajui. Wapo wauzaji wasioitaka kwa sababu hiyohiyo. Kumsukumia mtu ujuzi utakaombana si zawadi kila mara, ingawa mnunuzi anayekuja nyuma angefurahi. Kwa hiyo ilibaki mkononi mwa mzee kuchagua. Mimi bado sina hakika kama tulifanya sawa kwa huyo mnunuzi ajaye, ila ile barua nayo ilishataja mambo makubwa mawili, na nakala yake iko kwa mawakili.

Mstari wa kumwachia huru kuendelea na wengine niliupigania mwenyewe. Wakili aliona hauna kazi kisheria. Pengine hauna. Lakini mzee alikuwa amewazuia watu wawili walioipenda nyumba akimsubiri dada, kwa kuwa alishampa neno. Kumwambia wazi kwamba neno limerudishwa kulikuwa na uzito wake.

Arbuni ilirudi siku tisa baadaye, yote. Pesa ya ukaguzi, ya mpima na ya wakili haikurudi, na haikutakiwa kurudi. Dalali alikasirika, akasema tumeharibu biashara kwa kuchimba vitu ambavyo watu wameishi navyo miaka 20. Kuhusu miaka 20 alikuwa sahihi.

Wiki mbili hivi zilipita, mzee akanipigia mimi, si dada. Ripoti alikuwa ameiomba na ameisoma yote. Aliuliza kama namjua fundi wa kutenganisha gata na chemba, maana hilo amelielewa na anaweza kulifanya sasa. Nikampa namba ya yule tuliyekwenda naye. Alipokuwa karibu kukata simu akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama lile jiwe aliondoe.

Nikamwambia aliache hadi gata likatwe.